Niweke kiasi gani kila mwezi nifikishe milioni 18 kwa miaka 3? Hesabu zangu zinanipa majibu manne tofauti

BintiSengerema

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa hesabu, maana nimekaa nayo siku tatu na kila nikigeuza napata jibu jipya.

Nauza vitenge hapa Mwanza. Nimeahidiwa kiwanja kilichopimwa upande wa Usagara, bei milioni 18, na mwenyewe hana haraka. Nimejipa miaka 3, yaani miezi 36. Nataka kuweka hela kila mwisho wa mwezi kwenye mfuko wa vipande, na kwa jinsi nilivyofuatilia nategemea riba ya kama 12% kwa mwaka.

Swali langu ni moja: kila mwezi niweke shilingi ngapi?

Njia ya kwanza nimegawanya tu, milioni 18 kwa 36, nikapata laki 5. Ila hapo riba haijaingia. Mdogo wangu akaniambia toa 12% kwenye hiyo laki 5, ibaki 440,000. Halafu nikaona kuna fomula ya `PMT` kwenye Excel, nikaandika hivi:

```
=PMT(12%,36,0,-18000000)
```

Ikanipa 37,155. Nikafurahi kweli, kisha nikaanza kushuku. Nikiweka elfu 37 kwa miezi 36 ni kama milioni 1.3 tu, hizo nyingine zaidi ya milioni 16 zitoke wapi? Mtu mwingine kwenye kundi letu la kikoba kaniambia jibu ni 597,858. Sasa nani mkweli?

---

Kijana wa Mabibo

Dada, mdogo wako yuko sahihi. Riba ni 12%, maana yake wewe unachangia 88% na mfuko unamalizia 12%. 440,000 ndiyo jibu, usijichoshe.

---

Fundi Hesabu

Kijana, hapana. Hiyo 12% ni ya mwaka mzima kwa hela iliyokaa mwaka mzima. Hela ya dada haiingii yote siku moja. Ile ya mwezi wa kwanza itakaa miezi 35 ikizaa. Ile ya mwezi wa 36 haitazaa hata senti, kwa sababu anaiweka siku ileile anayokwenda kulipia kiwanja. Huwezi kuzipa zote asilimia moja ileile.

Binti, shaka yako juu ya 37,155 ni sahihi kabisa, na sababu yake ni ndogo. Umeiambia Excel kuna vipindi 36 na riba ya 12% kwa kila kipindi. Vipindi vyako ni miezi, kwa hiyo umeiambia mfuko unalipa 12% kila mwezi. Riba na vipindi lazima viwe vya kipimo kimoja. Miezi 36, riba ya mwezi. Kama 12% ni ya mwaka na inahesabiwa kila mwezi, mwezi mmoja ni 1%:

```
=PMT(1%,36,0,-18000000)
```

Hapo utapata 417,858.

Ile 597,858 ya kwenye kikoba naijua inakotoka. Mwenzako ameandika `=PMT(1%,36,18000000)`. Nafasi ya tatu kwenye fomula hiyo ni hela iliyopo leo, ya nne ni hela unayoitaka mwisho. Yeye ameweka milioni 18 kwenye nafasi ya leo, kwa hiyo kompyuta imeelewa amekopa milioni 18 leo na anairejesha kwa miaka 3. Hayo ni marejesho ya mkopo, si akiba. Ukitaka kukagua, toa moja kwa nyingine: 597,858 kutoa 417,858 ni laki 1 na elfu 80 kamili, ambayo ni 1% ya milioni 18. Mkopaji analipa kiasi kilekile cha mweka akiba, akiongeza riba ya mwezi ya deni lote.

---

BintiSengerema

Asante sana kaka. Nimeandika kama ulivyosema, imekuja 417,858. Lakini mimi sipendi kuamini kompyuta bila kuelewa. Nikiwa sina simu, hiyo namba inapatikanaje?

---

Fundi Hesabu

Hilo ndilo la kuelewa, na halihitaji kukariri fomula.

Sahau milioni 18 kwanza. Jiulize, nikiweka shilingi 1 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 36, nitakuwa na ngapi? Mwezi wa kwanza una shilingi 1. Mwezi wa pili ile ya kwanza imekuwa 1.01, unaongeza 1, jumla 2.01. Mwezi wa tatu 2.01 inazaa 1% na unaongeza 1 tena, jumla 3.0301. Endelea hivyo kwenye daftari, zidisha kwa 1.01, ongeza 1. Ukifika mwezi wa 36 utakuta 43.08.

Maana yake shilingi moja ya kila mwezi inakuwa shilingi 43.08. Laki moja ya kila mwezi inakuwa milioni 4 na laki 3 na kidogo. Wewe unataka milioni 18, basi gawa milioni 18 kwa 43.08. Jibu ni kama 417,800, na tofauti ya shilingi chache na ile ya Excel inatokana na desimali tulizokata.

Asiyetaka kuzidisha mara 36, njia ya mkato ya kupata hiyo 43.08 ni kuchukua 1.01 kwa kipeo cha 36, ambayo ni 1.4308, kutoa 1, halafu kugawa kwa 0.01. Kwa hiyo fomula nzima ni hii:

```
A = L * r / ((1 + r)^n - 1)
```

A ni amana ya mwezi, L ni lengo, r ni riba ya mwezi kwa desimali, n ni idadi ya miezi. Fomula hii ni ya anayeweka mwisho wa mwezi. Ukiweka mwanzo wa mwezi, kila amana inapata mwezi mmoja zaidi wa kuzaa, unagawa tena kwa 1.01 na inashuka hadi 413,720. Tofauti ni kama elfu nne.

---

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, shikamooni hamjaniamkia lakini naingia hivyohivyo.

Sisi enzi zetu bila kompyuta tulikuwa na njia nyepesi. Hela ya kwanza inakaa karibu miaka 3, ya mwisho haikai kabisa, kwa hiyo wastani kila shilingi inakaa mwaka mmoja na nusu. Riba ya mwaka na nusu kwa 12% ni 18%. Basi jumla ya amana zako ukizidisha kwa 1.18 inakupa lengo. Milioni 18 gawa kwa 1.18, ni milioni 15 na laki mbili na nusu. Gawa kwa miezi 36, ni 423,729.

Hesabu hii unaifanya ukiwa umesimama sokoni. Sioni haja ya vipeo.

---

Fundi Hesabu

Marahaba... samahani, shikamoo Mwalimu. Njia yako naiheshimu na ninaitumia kukagua fomula. Imekosea kwa elfu 6 tu, tena kwa upande salama, kwa sababu inamwambia mtu aweke zaidi kidogo. Angekuwa amepata 37,155 kwanza kisha akakagua kwa njia yako, angeona palepale kuna kitu kimeharibika.

Ila ina mpaka. Haihesabu riba inayozaliwa na riba. Kwa miaka 3 hiyo riba juu ya riba ni ndogo. Chukua lengo lilelile kwa miaka 12: wastani wa kukaa ni miaka 6, riba 72%, kwa njia yako mtu aweke 72,674 kwa mwezi. Fomula kamili inasema 56,415. Hapo tofauti imekuwa zaidi ya elfu 16 kila mwezi kwa miaka 12. Muda ukipita miaka mitano hivi, mimi huiacha.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye miaka 12 umenipata, nakubali. Kwa miaka 3 bado nasimama na yangu.

---

Mkorosho Newala

Naomba na mimi niulize. Mimi ni mkulima wa korosho, hela naipata mara moja kwa mwaka baada ya minada. Hiyo laki 4 ya kila mwezi siwezi, mwezi wa sita sina hata mia. Nifanyeje, nigawe hela ya msimu kwa miezi 12 niwe natoa kidogo kidogo?

---

Fundi Hesabu

Mkuu, hapana, usiigawe. Hela ukiipata iweke yote siku hiyo. Ukiishika ndani ili uitoe kidogo kidogo unapoteza riba ya miezi yote iliyolala kwenye begi.

Hesabu yako ni ileile ila kipindi ni mwaka. Vipindi 3, riba ya kipindi 12%. Shilingi 1 kila mwisho wa mwaka inakuwa 1, kisha 2.12, kisha 3.3744. Milioni 18 gawa kwa 3.3744 ni karibu milioni 5.33 kila msimu. Jumla milioni 16. Dada wa kila mwezi atatoa jumla ya kama milioni 15. Wewe unatoa zaidi kwa sababu hela yako inachelewa kuingia: msimu wa kwanza unakuja mwaka mmoja umeshapita, na msimu wa tatu haupati muda wa kuzaa kabisa. Kama msimu wako wa kwanza ndio huu sasa na unaanza leo, hesabu inashuka, kwa sababu kila amana inapata mwaka mmoja zaidi.

---

BintiSengerema

Kaka, kuna kitu sikukisema mwanzo. Nina milioni 2 na nusu tayari, ipo kwenye mfuko huohuo. Nimetoa kwenye milioni 18 ikabaki 15 na nusu, nikaweka kwenye fomula, nimepata 359,822. Niko sawa?

---

Kijana wa Mabibo

Hapo hata mimi naona yuko sawa. 18 kutoa 2.5.

---

Fundi Hesabu

Karibu. Mmeisahau hiyo milioni 2 na nusu kana kwamba italala miaka 3 bila kuzaa. Ipo mfukoni, nayo inakua. Baada ya miezi 36 kwa 1% itakuwa milioni 3 na laki 5 na elfu 77. Hiyo ndiyo ya kutoa kwenye 18. Inabaki milioni 14.42, gawa kwa 43.08, unapata 334,822.

Angalieni tofauti: 359,822 na 334,822. Ni elfu 25 kamili. Na elfu 25 ni 1% ya milioni 2 na nusu. Haijatokea kwa bahati. Hela uliyonayo inakulipia riba yake ya kila mwezi, na ni kana kwamba inakusaidia elfu 25 kwenye kila amana yako. Kwa hiyo unaweza hata kukokotoa kichwani: fanya kama mlivyofanya, kisha toa riba ya mwezi mmoja ya akiba iliyopo.

Kwenye Excel iwe hivi, na muwe makini na alama ya kutoa:

```
=PMT(1%,36,-2500000,18000000)
```

Akiba iliyopo ni hela iliyotoka mfukoni mwako, inakuwa na alama ya kutoa. Lengo ni hela itakayorudi kwako, haina. Jibu litakuja -334,822, likiwa na alama ya kutoa kwa sababu nayo inatoka kwako. Ukisahau ile alama mbele ya 2500000, utaambiwa uweke 500,893. Jinsi ya kugundua kosa: umeongeza akiba na kiwango cha mwezi kimepanda badala ya kushuka. Hakuna akiba inayofanya hivyo.

---

Nakuru254

Salamu kutoka Kenya. Niwaulize kitu ambacho naona mmekipita. Hii 12% ni ya namna gani? Huku kwetu mifuko ya soko la fedha hutangaza riba ya mwaka ambayo tayari imejumlisha riba juu ya riba. Ukiigawa kwa 12 unajidanganya. Na kabla hujafikiwa na hiyo faida, serikali inakata kodi ya zuio 15%. Mimi nilipanga kwa 11% iliyotangazwa, nikashangaa mbona salio langu liko nyuma kila mwezi. Kumbe ya kwangu halisi ilikuwa 9.35%. Nililaumu mfuko bure.

---

Fundi Hesabu

Ndugu, umenikumbusha jambo nililopaswa kulisema kwenye jibu la kwanza. Nilisema "kama inahesabiwa kila mwezi" kisha nikaendelea bila kuuliza.

Binti, hiyo 12% uliipataje? Kuna mtu alikuambia, au uliangalia bei ya kipande?

---

BintiSengerema

Niliangalia bei ya kipande. Nilichukua ya leo nikagawa kwa ya mwaka jana tarehe kama hii. Ilikuja 1.12 na pointi kidogo.

---

Fundi Hesabu

Vizuri sana, umefanya kitu ambacho wengi hawafanyi. Lakini hapo basi 12% yako ni ukuaji wa mwaka mzima, na ndani yake riba imeshazaa riba. Huwezi kuigawa kwa 12 ukapata 1%, kwa sababu 1% kila mwezi kwa miezi 12 inatoa 12.68%, si 12. Unatakiwa utafute ile riba ya mwezi ambayo ikizaa riba juu ya riba kwa miezi 12 inarudi kwenye 1.12:

```
=1.12^(1/12)-1
```

Inatoka 0.949%. Ukiiweka kwenye fomula badala ya 1%, bila akiba ya mwanzo, 417,858 inakuwa 421,799. Ni kama elfu 4 tu, kwa kiwanja chako si jambo la kukukosesha usingizi. Ila muda ukiwa mrefu pengo linapanuka, na linakudanganya kwa upande mbaya: linakuambia uweke pungufu.

Kwa hiyo kanuni ninayotumia mimi: riba ya benki iliyoandikwa "kwa mwaka, inalipwa kila mwezi", gawa kwa 12. Riba uliyoisoma kwenye bei ya kipande kutoka mwaka hadi mwaka, tafuta mzizi.

Kuhusu kodi, ndugu wa Nakuru yuko sahihi, na huku kwetu Tanzania riba ya amana ya benki hukatwa 10%. Tuseme benki inakupa 9%. Wewe unabaki na 8.1%. Ukipanga kwa 9% fomula inasema 437,395. Ukipanga kwa 8.1% inasema 443,385. Weka kwenye fomula riba inayofika mkononi mwako. Na kwa mfuko wa vipande, bei ya kipande kwa kawaida tayari imeshatolewa gharama za uendeshaji, ndiyo maana napenda kupima kwa bei kuliko kwa tangazo. Ulizia pia kama kuna makato ya kutoka, uyapunguze.

---

Mswahili Muscat

Assalaam alaykum. Mimi sichukui riba, nimeweka hela sehemu ya mudaraba, tunagawana faida. Faida haijulikani mpaka mwaka uishe. Hii fomula inanifaa au ni ya watu wa riba tu?

---

Mwalimu Mstaafu

Waalaykum salaam. Kijana wangu, fomula haijui hela imetoka wapi, inajua inakua kiasi gani.

---

Fundi Hesabu

Waalaykum salaam. Nakubaliana na Mwalimu upande wa hesabu. Upande wa dini muulize anayejua, mimi si mtu wa kukuelekeza huko.

Kwa kuwa faida yako haijulikani, mimi ningepanga kana kwamba haipo kabisa: lengo gawa kwa miezi. Mwaka ukiisha na faida imeshaingia, hesabu upya kwa salio halisi na miezi iliyobaki. Kiwango chako kitashuka. Ni rahisi zaidi kupunguza amana mwaka wa pili kuliko kuiongeza.

---

Kijana wa Mabibo

Sasa kaka, kama riba ndiyo inatunyanyua, si bora dada atafute sehemu inayotoa 18% au 20%? Kuna watu mtandaoni wanatoa hata 5% kwa mwezi.

---

Fundi Hesabu

Hebu tuone 12% yenyewe inamsaidia nini. Bila riba kabisa ni laki 5 kwa mwezi. Kwa 6% ni 457,595. Kwa 12% ni 417,858. Kuiongeza riba mara mbili kumempunguzia kama elfu 40. Kwa miaka 3, hela nyingi inatoka kwake mwenyewe: milioni 15 kati ya 18. Riba inaleta milioni 3 iliyobaki.

Kwa miaka 12 mambo yanageuka. Bila riba ni 125,000 kwa mwezi, kwa 12% ni 56,415. Huko riba inabeba zaidi ya nusu ya mzigo.

Kwa hiyo kwa lengo la muda mfupi kama lake, kukimbilia asilimia za ajabu ni kuhatarisha milioni 15 za jasho ili kuokoa elfu kadhaa kwa mwezi. 5% kwa mwezi ni karibu 80% kwa mwaka. Mtu anayeweza kuzalisha hivyo hana sababu ya kutafuta hela ya vitenge vya Mwanza.

---

Mama Ubungo

Mmehesabu vizuri lakini mnasahau kiwanja. Mimi nilikwenda na mpango kama huu, nikaweka kwa nidhamu miaka miwili na nusu, nikafika na hela yote kama tulivyoongea. Mwenye kiwanja akaniambia bei imepanda. Niliumia sana, maana kila mwezi nilijinyima. Dada, bei hiyo mmeandikishana?

---

BintiSengerema

Hatujaandikishana mama. Ni maneno tu.

---

Fundi Hesabu

Pole sana mama. Hilo ndilo kosa ambalo fomula haiwezi kukuonyesha, kwa sababu inaamini lengo ulilolitaja.

Tuseme bei inapanda 5% kila mwaka. Milioni 18 inakuwa milioni 20.84 baada ya miaka 3. Kwa 1% kwa mwezi, kabla ya kutoa msaada wa akiba iliyopo, amana inapanda kutoka 417,858 hadi kama 483,700. Ni elfu 66 zaidi kila mwezi. Linganisha na yale mambo mengine tuliyobishania hapa: mwanzo au mwisho wa mwezi, elfu 4. Kugawa kwa 12 au kutafuta mzizi, elfu 4. Bei ya kiwanja peke yake imezidi yote.

Kwa hiyo kama unaweza kulipa sehemu sasa na kuandikishana bei mbele ya serikali ya mtaa, hilo linaweza kuwa na thamani kuliko riba. Ila hapo unaitoa ile milioni 2 na nusu kwenye mfuko, na ile elfu 25 ya kila mwezi inaondoka.

---

Mama Ubungo

Mimi ningelipa nusu na kuandikishana. Hela ya mfukoni haina kiwanja.

---

Nakuru254

Mama, naye akilipa kisha muuzaji akageuka? Bora hela ikae mahali yeye mwenyewe anaishika. Mimi sikubaliani.

---

BintiSengerema

Hapo bado sijajua. Nitakwenda na kaka yangu tukazungumze naye tena.

Lakini nina swali la mwisho. Tuseme nimeanza na hiyo 334,822, na mwaka wa kwanza mfuko umetoa 9% badala ya 12. Nitajuaje, na nifanye nini?

---

Fundi Hesabu

Swali zuri, na hapa ndipo mipango mingi inapofia, watu wanaendelea na kiwango cha mwanzo mpaka mwezi wa 36 ndipo wanashtuka.

Tengeneza jedwali la salio unalotarajia. Kwa mpango wako wa 1%, baada ya miezi 12 unapaswa kuwa na milioni 7.06. Mfuko ukitoa 0.75% kwa mwezi, utakuta milioni 6.92. Pungufu ni kama laki 1 na elfu 40. Inaonekana ndogo, na ndiyo maana mtu anaipuuza.

Sasa anza hesabu upya kana kwamba leo ndiyo siku ya kwanza. Akiba iliyopo ni milioni 6.92, miezi 24, na riba mpya unayoitegemea 0.75%:

```
=PMT(0.75%,24,-6922332,18000000)
```

Inakuja -371,080. Kutoka 334,822 umepanda elfu 36. Kwa miezi 24 hiyo ni kama laki 8 na elfu 70. Kwa nini ni zaidi ya laki 1.4 iliyopungua? Kwa sababu pungufu la mwaka wa kwanza ni dogo, lakini umepunguza pia matarajio ya miaka miwili iliyobaki, na huko ndiko salio lako ni kubwa. Kama unaamini mfuko utarudi kwenye 1%, nyongeza itakuwa ndogo sana. Ukiamini utabaki 0.75%, ni hiyo. Huu ni uamuzi wako, fomula haitakuchagulia.

Mimi hufanya hivi kila baada ya miezi 6. Naangalia salio halisi, miezi iliyobaki, bei ya kitu leo, na riba ya mwaka uliopita kwa bei ya kipande. Namba nne tu, dakika tano.

---

Mkorosho Newala

Na mwezi ukikosa kuweka kabisa?

---

Fundi Hesabu

Utaratibu ni huohuo, hesabu upya kwa salio lililopo. Ila kwa wazo la haraka: ukikosa amana ya mwezi wa 2, mwisho utapungukiwa na amana hiyo pamoja na riba yake ya miezi 34, yaani 1.40 ya kiasi ulichokosa. Ukikosa ya mwezi wa 35, unapungukiwa na 1.01 tu. Wa mwanzo unauma zaidi. Lakini wa mwisho una miezi michache ya kufidia, kwa hiyo unauma kwa namna nyingine.

---

BintiSengerema

Nimekaa na daftari leo. Nimetumia mzizi badala ya kugawa kwa 12, nikachukua riba ya 10% badala ya 12 ili nisijidanganye, nikaweka lengo milioni 20 kwa sababu ya alichosema Mama Ubungo, na ile milioni 2 na nusu nimeiacha ndani. Nimepata kama 401,000 kwa mwezi. Nimezungusha 405,000. Kakague kaka.

---

Fundi Hesabu

Mzizi wa 12 wa 1.10, ukitoa 1, ni 0.797%. Milioni 2 na nusu inakuwa milioni 3.33. Inabaki 16.67, gawa kwa 41.51. Inakuja 401,700 hivi. Uko sawa, na 405,000 inakupa nafasi ndogo juu yake.

---

Mwalimu Mstaafu

Na mimi nimekagua kwa njia yangu ya mwaka na nusu: 16.67 gawa kwa 1.15, gawa kwa 36. Nimepata 402,657. Mtoto yuko sawa.

---

BintiSengerema

Asanteni wote. Amana ya kwanza ni tarehe 30. Jumamosi tunakwenda Usagara kuongea na mwenye kiwanja, nitarudi hapa kuwaambia alichosema kuhusu kuandikishana.